Kitabu cha maamuzi cha mfugaji wa broila Kibaha: Krismasi ililipa, ila sio kwa sababu aliyoikumbuka

Kazi yangu ni kuwasaidia wafanyabiashara wadogo kuweka mahesabu sawa, na kisa hiki ni cha dada mmoja wa Kibaha anayefuga kuku wa nyama, ameniruhusu nikieleze bila jina. Nimekichagua kwa sababu hakianzi na hasara. Watu wengi wakisikia habari ya kuandika maamuzi wanafikiria ni dawa ya mtu aliyepigwa, kumbe mahali ambapo kumbukumbu inadanganya sana ni pale ulipopata faida, maana ukipata faida hakuna anayekuuliza maswali, hata wewe mwenyewe hujiulizi.

Banda lake ni la mita za mraba kama 50, kwa hiyo kwa hesabu ya kuku 10 kwa mita moja linabeba kuku 500. Kawaida yake alikuwa anaingiza vifaranga 300 kwa bachi, anawauzia wauza chipsi na mama lishe, bei ya shambani 8,500. Daftari la mauzo na matumizi alikuwa nalo siku nyingi. Hilo linakwambia hela imetoka na imeingia, halikwambii ulikuwa unafikiria nini siku ile unatoa hela. Ndo tukaanzisha kaunta buku la pili, la maamuzi tu, na sharti likawa moja la kiasi: uamuzi unaingia humo kama unagusa zaidi ya laki 3 au kama ukishaufanya kuurudisha nyuma ni kazi. Kununua pumba haingii. Kubadilisha muuza chakula inaingia, kukopesha mteja kuku 60 inaingia, kuongeza idadi ya vifaranga inaingia. Kwa mwaka zinakuwa kurasa chache tu na ndo inavyotakiwa, maana ukiandika kila kitu wiki ya tatu umeshaacha.

Ukurasa wa kwanza wenye uzito ni wa tarehe 14 Novemba 2023. Nauweka kama alivyouandika yeye, nimerekebisha herufi tu:

"Naingiza vifaranga 500 badala ya 300, tarehe 16, watoke kuanzia 21 Desemba. Njia niliyoacha: kubaki na 300, na ile ya pili kuingiza 300 sasa na 200 wiki mbili mbele. Sababu: (a) Krismasi bei itapanda mpaka 9,500, (b) wauza chipsi wanne wameniambia kwa mdomo watachukua kuku 300, (c) banda liko tupu na nalipia kijana bure. Sababu ya kunizuia: kila mtu anaingiza kuku wa Krismasi. Gharama nakadiria milioni 3 na laki 8. Natarajia kubaki na kuku 475 na faida laki 7. Uhakika wa bei kufika 9,500 ni 7 kwa 10. Nitajua nimekosea kama tarehe 18 Desemba bei Kibaha haijafika 9,000. Hali yangu: nina presha ya ada ya Januari, mume anasema nithubutu."

Angalia hapo kuna nini. Kuna alichokiamua, kuna alichokiacha, kuna sababu zake kwa mpangilio wa uzito na kuna moja ya kumpinga, kuna namba na tarehe, na kuna ile sentensi ya mwisho ya hali yake ambayo watu wanaionaga ya kike kike au ya kitoto na wanairuka. Msiiruke. Presha ya ada ni sababu ya kweli ya uamuzi ule kuliko (c), na usipoiandika siku ile huwezi kuipata tena, baada ya miezi miwili inabaki "niliona fursa".

Gharama yenyewe haikuwa ya kubuni. Vifaranga 500 kwa 1,900 ni 950,000. Broila wa siku 35 anakula kama kilo 3.2 za chakula kuanzia stata mpaka finisha, kwa hiyo kuku 500 wanamaliza kilo 1,600, mifuko 32 ya kilo 50, na mfuko alikuwa ananunua 78,000, hiyo ni 2,496,000. Chanjo, dawa, mkaa, maranda na posho ya kijana akaweka 350,000 hivi. Jumla inakuja karibu milioni 3 na laki 8. Ukigawa kwa kuku 475 wanaofika sokoni, kila kuku anasimama 8,000 kabla hujapata senti. Yani bei ikiwa 8,500 unapata jero tu kwa kuku, na bei ikishuka kwenye 8,000 umefanya kazi ya bure wiki tano. Wafugaji wanaijua hii, ila wakiwa wanapanga Krismasi wanaisahau.

Sasa kilichotokea. Mgao wa umeme ulikuwepo kipindi kile nchi nzima, bruda ya kupashia vifaranga joto akawa anaiendesha kwa jiko la mkaa usiku, akapoteza kuku kidogo zaidi, akabaki na 460. Tarehe 18 Desemba bei Kibaha ilikuwa 8,300. Tarehe 22 ikawa 8,000, maana mabanda yote yalikuwa yanatoa kuku wiki hiyo hiyo, kitu alichokiandika mwenyewe kwenye sababu ya kumzuia. Wauza chipsi wanne walioahidi kuku 300 kwa mdomo walichukua 240, na kwa bei hiyo ya 8,000. Alichookolewa nacho ni mpishi wa sherehe mmoja ambaye msambazaji wake alimwangusha siku mbili kabla ya harusi, akaelekezwa na jirani, akachukua kuku 220 waliochinjwa na kusafishwa kwa 11,000 kila mmoja. Kuchinja na kunyonyoa kulimgharimu 500 kwa kuku. Piga hesabu: 240 kwa 8,000 ni 1,920,000, 220 kwa 11,000 ni 2,420,000, toa 110,000 ya kuchinja, inabaki 4,230,000. Faida 430,000.

Laki 4 na 30 mwezi wa Desemba sio mbaya, ada ikalipwa, kila mtu nyumbani akafurahi.

Mwanzoni mwa Februari 2024 ananipigia simu, anataka kuongeza banda kwa mkopo wa kikundi wa milioni 3 ili Pasaka aingize kuku 800. Nikamwambia sawa, ila kabla hujafungua kitabu chukua karatasi uandike unavyokumbuka uamuzi wa Krismasi: kwanini uliingiza 500, ulitegemea faida ngapi, ulikuwa na uhakika kiasi gani. Hii hatua ya kuandika kumbukumbu kwanza ndo roho ya kazi nzima. Ukifungua kitabu moja kwa moja unasoma, unasema "eeh ndivyo nilivyokuwa nafikiria", na hujifunzi chochote kuhusu kichwa chako. Ukiandika kwanza halafu ukafungua, tofauti inakaa pale mezani.

Aliandika hivi: "Niliona soko la Krismasi liko vizuri na sherehe ni nyingi, nikaongeza kuku. Nilitegemea faida laki 4 hivi. Nilikuwa na uhakika, kama 8 au 9 kwa 10."

Tukafungua. Sherehe haikutajwa popote kwenye ukurasa wa Novemba. Faida aliyoitegemea ilikuwa laki 7, sio 4. Uhakika ulikuwa 7, na ulikuwa wa bei kufika 9,500, bei ambayo haikufika hata siku moja. Na ile alama aliyojiwekea mwenyewe, kwamba tarehe 18 bei ikiwa chini ya 9,000 ajue amekosea, ilitimia na akaipita bila kuiona kwa sababu siku tatu mbele mpishi alikuja. Hakuwa anadanganya, huyu dada ni mkweli kuliko watu wengi ninaowajua. Kichwa kilichukua matokeo kikayarudisha nyuma mpaka Novemba, kikayavalisha nguo za sababu.

Hii kitu imepimwa zamani. Baruch Fischhoff na Ruth Beyth walichapisha mwaka 1975 utafiti walioufanya kwa wanafunzi Israeli: kabla ya Rais Nixon kwenda China na Urusi mwaka 1972 waliwauliza kila tukio linaloweza kutokea kwenye ziara lina uwezekano gani, kisha baada ya ziara wakawaomba wakumbuke majibu yao wenyewe. Kwa mambo yaliyotokea, watu walikumbuka kuwa waliyapa uwezekano mkubwa kuliko waliyoyapa kweli. Wanafunzi wale hawakuwa na hela yoyote kwenye safari ya Nixon. Wewe una milioni 3 na laki 8 ndani, na shemeji anaangalia, unafikiri kumbukumbu yako itakuwa safi kuliko yao?

Tukaandika pembeni ya ukurasa, kwa peni ya rangi nyingine, hesabu moja tu: bila yule mpishi. Kuku 460 wote kwa 8,000 ni 3,680,000, toa milioni 3 na laki 8, hasara 120,000. Na hiyo ni kwa kudhani soko la wauza chipsi lingemeza kuku 220 zaidi kwa bei ile ile, kitu ambacho sidhani. Kwa hiyo uamuzi wa Novemba, kwa sababu zake zenyewe, ulikuwa dhaifu. Matokeo yalikuwa mazuri. Hivi ni vitu viwili na vinatakiwa vikae kwenye mistari miwili, mmoja wa uamuzi na mmoja wa matokeo, ukiviweka mstari mmoja matokeo yanakula uamuzi kila siku.

Ila kuna upande mwingine ambao tusiupite. Somo la "Krismasi haikulipa" nalo lingekuwa uongo. Kilicholipa kilikuwepo, kilikuwa ni kuku waliochinjwa kwa mtu wa sherehe, 11,000 dhidi ya 8,000. Kumbukumbu ilikuwa inampeleka kuongeza idadi, kitabu kilikuwa kinaonyesha mteja. Akampigia mpishi siku ile ile, na jibu likawa anahitaji kuku 120 wikiendi ya Pasaka, ila bei sasa 10,500 maana safari hii hajabanwa. Akatoa na advansi.

Hapo ndo ukaandikwa ukurasa wa pili, tarehe 12 Februari, na huu ndo ulioleta ugomvi baadaye kwa hiyo nauelezea taratibu.

Mwaka ule Pasaka ilikuwa 31 Machi na Idi inakuja siku kumi mbele, tarehe 9 au 10 Aprili kutegemea mwezi. Akaacha kuku 800 na mkopo. Akaamua 500 kwenye banda lile lile, akaligawa katikati kwa mbao na wavu: vifaranga 250 tarehe 22 Februari ili 28 Machi wawe siku 35, na 250 tarehe 4 Machi ili wawe tayari 8 Aprili. Sababu kubwa aliyoiandika ni kukwepa kilichotokea Krismasi, kuku wote kukomaa siku moja na majirani wote. Kwenye sababu ya kumzuia akaandika kitu ambacho kila mtaalamu wa mifugo angemwambia, kwamba kuchanganya kuku wa umri tofauti banda moja ni kukaribisha ugonjwa, wakubwa wanawaambukiza wadogo, ndo maana tunaambiwa waingie wote watoke wote. Akakadiria: mdondo au gumboro kuruka upande wa pili, 2 kwa 10, atapunguza kwa kuchanja kwa ratiba na kubadilisha buti kila upande. Natarajia: faida laki 3 Pasaka, laki 2 na nusu Idi. Alama ya kukosea: vifo kupita 15 upande mmoja kabla ya siku ya 21.

Na akaandika pia makadirio ya njia aliyoiacha, ile ya 800: gharama kama milioni 6 pamoja na riba, bei anayoiona ya kweli 8,300, faida ndogo sana au hakuna. Wengi hawaandiki hii. Njia uliyoiacha usipoipa namba siku ile, baadaye inakuwa nzuri kila ukiikumbuka maana haijawahi kupata mvua wala ugonjwa.

Pasaka ikaenda. Kuku 241 walifika sokoni, 120 kwa mpishi, 121 kwa 8,500, faida ikawa 328,500. Karibu sana na alichoandika, na safari hii kwa sababu aliyoiandika.

Idi ikaharibika. Masika ya Aprili mwaka ule mnaikumbuka, mvua ilikuwa kubwa. Vifo vilianza siku ya 27, kuku wanajikunyata, mabawa yameshuka, kinyesi kina damu. Mpaka mwisho walikufa 44. Waliobaki 206 wengine walidumaa, akauza kwa wastani wa 8,200, inakuja 1,689,200, na matumizi yalikuwa 1,960,000 pamoja na dawa. Hasara 270,800. Faida ya Pasaka karibu yote ikaliwa.

Na hapa ndo kumbukumbu ikarudi kazini, sasa hivi kwa upande wa pili. Mume akasema nilijua kugawa banda ni kosa, na dada mwenyewe akasema hata mimi moyo ulikuwa unanikataza. Wakakubaliana wote wawili kwamba hawatagawa tena. Ukiangalia juu juu inaonekana ni unyenyekevu wa kujifunza, watu wamekubali kosa. Lakini kukubali kosa ambalo siyo lenyewe ni kujidanganya vile vile.

Tukarudia utaratibu, karatasi kwanza kisha kitabu. Kwenye karatasi kumbukumbu zao zilisema walikuwa na wasiwasi mkubwa, "kama nusu kwa nusu". Kwenye kitabu ni 2 kwa 10. Hiyo moja. Ya pili ni kubwa zaidi: ugonjwa ulioandikwa ni mdondo na gumboro, na ugonjwa uliokuja sio huo. Kinyesi cha damu na mtaalamu alipomfungua kuku mmoja akakuta vifuko vya utumbo vimejaa damu, hiyo ni koksidiosisi, na hiyo inapenda maranda yaliyolowa. Tukamuuliza kijana wa bandani waliokufa mwanzo walikuwa wapi. Wote kona ya nyuma, chini ya bati lenye matundu ya misumari. Maranda ya kona ile ukiyabana kwenye kiganja yanabaki donge, wakati yale ya upande wa mlangoni ukifungua kiganja yanamwagika. Kuku wa Pasaka waliokaa upande wa pili wa wavu hawakuonyesha damu hata mmoja, na walikuwa wameshaondoka siku tatu kabla ya kifo cha kwanza.

Sasa hii haithibitishi asilimia mia kwamba kugawa hakukuchangia, mbegu za koksidia zinatembea hata kwenye buti. Ila ushahidi mwingi unaelekea kwenye bati. Na swali la bati halikuwepo kwenye ukurasa kabisa, sio kwamba alilipima akalipuuza, hakulifikiria. Kwa hiyo marekebisho yaliyoandikwa ni: kupiga bati na kukagua maranda kwa kiganja kila asubuhi ya mvua, na kwenye kila uamuzi wa bachi inayoangukia Machi mpaka Mei lazima kuwe na mstari wa mvua. Suala la kugawa banda likaachwa wazi, lijaribiwe tena kiangazi.

Tungefuata kumbukumbu, angeacha kugawa, akarudi kwenye kuku wote kukomaa siku moja na soko zima, na bati lingebaki na matundu yake.

Kuhusu 800, alifungua ukurasa akaangalia. Kwa bati lile na masika yale, na mkopo juu. Hakusema kitu, aliandika tu "njia niliyoacha: nimefurahi", na tarehe. Mimi nilimwambia asiiweke kama ushindi pia, maana uamuzi wa kuacha 800 ulitegemea bei, na bei ya Pasaka ilikuwa juu kidogo ya alivyodhani, 8,500 badala ya 8,300. Kwenye bei alikosea kidogo kwa upande wa woga.

Niseme mambo machache ya namna kitabu kinavyoharibika, maana nimeona kwa wengine.

Kinachoharibu kabisa ni kuandika baada ya matokeo kuanza kuonekana. Mtu ananunua mzigo Jumatatu, anaandika Alhamisi akiwa ameshauza nusu. Ukurasa huo ni hadithi. Dada huyu anaandika kwa peni, hafuti, akikosea anapiga mstari mmoja linabaki linasomeka, halafu anapiga picha ukurasa anamtumia dada yake WhatsApp kabla ya kulipa hela. Dada yake hata hasomi. Kazi ya ile picha ni tarehe na saa tu, kwamba hakuna kitu kitakachoongezwa pale juu baadaye. Maoni ya baadaye yanakaa chini au pembeni kwa rangi nyingine na tarehe yake.

La pili ni maneno yanayovutika. "Soko litakuwa zuri", "labda itapanda", "wateja wapo". Haya yanakaa sawa na matokeo yoyote yatakayokuja, ndo maana tunayapenda. Ukiandika "9,500 kufikia tarehe 21, 7 kwa 10" umejifunga. Na sio lazima hiyo 7 iwe ya kisayansi, inatosha kwamba 7 sio 9 na ukiikumbuka kama 9 utaonekana.

Halafu kuna kuandikia macho ya watu. Ukijua mume, mshirika au afisa wa mkopo atasoma, utaandika utetezi. Dalili yake ni rahisi kuiona: sababu zote zinaunga mkono, mstari wa kukuzuia uko tupu au una kitu chepesi kama "ushindani", na mstari wa hali yako umeandikwa "niko vizuri". Ukiona kurasa tatu mfululizo ziko hivyo, kitabu kimeshageuka kuwa barua ya kuomba sifa. Huyu dada alimwambia mume wake mapema kwamba kitabu hiki hakitumiki kwenye ugomvi, na kweli kwa bachi ya Idi walifungua pamoja lakini hawakutafuta nani alisema nini. Kwa wengine ni bora kikae na mwenye biashara peke yake.

Na kuna muda wa kupitia. Usipitie siku ya hasara. Yeye anaandika tarehe ya kupitia siku ile ile ya kuamua, kawaida wiki mbili baada ya kuuza kuku wa mwisho, hesabu imeshafungwa na hasira zimeshuka. Kwa Idi walivunja hilo, wakakaa siku tatu baadaye, na ndo maana uamuzi wa "hatugawi tena" ulikuwa umeshatoka mdomoni kabla ya kitabu kufunguliwa.

Mipaka ipo pia. Kwa bachi tano sita kwa mwaka huwezi kujua kama 7 zako ni 7 kweli, unahitaji maamuzi mengi zaidi ya hayo kusema mtu anakadiria vizuri au vibaya. Kinachoonekana mapema ni tabia, na kwake imeonekana moja: kila ukurasa wenye presha ya ada kwenye mstari wa hali, bei aliyoitarajia imekuwa juu kuliko bei iliyokuja. Imetokea Krismasi, ikatokea tena kwenye uamuzi wa Juni wa kukopesha kuku mwenye hoteli. Mara mbili sio sheria. Ila sasa akiandika neno ada kwenye ule mstari, anapiga hesabu ya pili kwa bei iliyopunguzwa 500 na anaangalia kama bado inalipa kabla hajaagiza vifaranga, na kwa Krismasi ya 2024 hesabu hiyo ya pili ilitoka sifuri, akaingiza 300, kuku 180 kati yao wakiwa wameshalipiwa advansi na watu wa sherehe.